Robo Inchi Mara Kumi na Mbili

Mahafali ya vyuo vya ufundi huwa na hotuba ambazo hakuna anayezikumbuka wiki ikiisha. Hii ya Morogoro ilikuwa tofauti kwa sababu mzungumzaji alikuja na sketi. Mwalimu wa ushonaji, mama aliyefikisha miaka 60 ya kustaafu kwa lazima, alimwita mbele mhitimu mmoja mwenye kiuno cha inchi 28, akamwambia aivae juu ya suruali yake nyembamba. Zipu ikagoma. Kati ya kingo zake mbili ilibaki nafasi ya kutosha kupitisha vidole viwili. Ukumbi ukacheka.

"Nimeikata mwenyewe, na nimeikata sawasawa," alisema. "Sasa nitafutieni kosa."

Sketi ile ilikuwa ya vipande sita, vyembamba kiunoni na vipana chini. Hesabu ya kuikata ilikuwa inchi 29: kiuno cha 28, na inchi moja ya mtu kupumua na kukaa. Kila ukingo uliongezewa nusu inchi ya mshono. Lakini mshonaji, ambaye ndiye yeye aliyefanya hivyo makusudi usiku wa kuamkia mahafali, alipitisha sindano robo inchi ndani zaidi. Robo inchi hata jicho halisumbuki nayo. Ila mshono mmoja unashika kingo mbili, na sketi ya vipande sita ina mishono sita, kwa hiyo kingo ni 12. Robo inchi mara 12 ni inchi 3. Sketi ya 29 ikawa 26, na aliyepimwa 28 hawezi kuingia.

Hapo ndipo alipoanza kuzungumzia subira, neno ambalo wahitimu huhubiriwa mpaka wakalichoka. Yeye hakulichukua kama tabia ya mtu mpole. Alisema fundi mwenye haraka anaweza kuwa na subira, na fundi mtaratibu anaweza kuikosa, kwa kuwa subira ya cherehani ni kusimama mahali panapojulikana ili kupima kabla ya kuendelea. Kwenye sketi ile pa kusimama palikuwa baada ya mshono wa kwanza. Unga vipande viwili, piga pasi, weka utepe kiunoni, soma. Vipande viwili vikitoka na upungufu wa nusu inchi, bado kuna mshono mmoja tu wa kufumua. Anayengoja mpaka zipu iingie ndipo apime atafumua yote sita, na zipu juu yake.

Kwa wanaoanza alitoa dawa rahisi: bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani, nusu inchi kamili kutoka tundu la sindano, na ukingo wa kitambaa usiiache plasta hiyo. Kisha utepe wenyewe nao upimwe. Utepe wa kitambaa hulegea kwa kuvutwa kila siku, na fundi anaweza kuwa mwangalifu maisha yake yote akitumia inchi ndefu kuliko za wenzake. Ulaze kando ya rula ya chuma; ukipishana nayo, nunua mwingine. Nilitazama wahitimu wakati huo, na zaidi ya mmoja alishika utepe ulioning'inia shingoni mwake.

Jambo la pili alilokaa nalo ni kwamba kuna makosa yanayofumuliwa na kuna yasiyofumuliwa. Kitenge cha pamba husamehe: ukitoa mshono na kupiga pasi yenye mvuke, matundu ya sindano huziba. Satini haisamehi, matundu yanabaki mstari mzima kama alama za chanjo. Kwa hiyo nguo ya satini hujaribiwa kwa bandi, yaani mshono wa mkono wenye hatua ndefu, nao upite ndani ya nafasi ya mshono ambako hautaonekana. Na mkasi hausamehi kitambaa chochote. Ndiyo maana alisisitiza kupoteza nusu saa kabla ya kukata. Kata kipande cha inchi 10 kwa 10 kutoka kwenye pembe, kifue, kikaushe, kipige pasi, kipime. Kikirudi inchi 9 na nusu, kitambaa hicho kinapungua inchi moja katika kila 20, na gauni la inchi 42 litapanda inchi 2 mteja akilifua mara ya kwanza. Mteja hatajua habari za pamba. Atasema fundi amemwibia kitambaa.

Baadhi ya wazazi walianza kutazama saa, kwani chakula kilikuwa kinanukia. Ila sehemu iliyofuata ndiyo iliyokuwa na fedha ndani yake, na nadhani ndiyo waliyoihitaji zaidi vijana wanaokwenda kupanga chumba cha duka wakiwa na cherehani moja.

Alisema tuseme gauni linashonwa kwa shilingi 20,000 na mteja analeta kitenge chake. Uzi, zipu na bitana vichukue 4,000. Kodi na umeme vikiwa 80,000 kwa mwezi na fundi akashona magauni 40, kila gauni limebeba 2,000. Zimebaki 14,000. Gauni likichukua saa 5, fundi amelipwa 2,800 kwa saa. Sasa mrudishe yule wa robo inchi. Afumue na kushona upya kwa saa 2, na malipo yaleyale ya 14,000 yanagawanywa kwa saa 7: amejilipa 2,000. Hakuna aliyemkata mshahara. Amejikata kwa sababu hakusimama baada ya mshono wa kwanza, na kwa kuwa fedha haikutoka mfukoni hakuiona ikienda.

Halafu akafika kwenye "njoo kesho", jina baya la mafundi wote kuanzia Kariakoo mpaka kijijini. Kwa maoni yake mafundi wengi hawasemi uongo kwa kupenda, hawajahesabu. Sikukuu ya Idi ikiwa mbele kwa siku 14, toa mbili za kupumzika, zinabaki 12. Kwa saa 10 za kazi na saa 5 kwa gauni, ni magauni mawili kwa siku, jumla 24. Umeme utakatika, mtu ataumwa, nguo itarudi kupunguzwa. Toa siku mbili tena. Yamebaki 20. Anayepokea vitambaa 35 ameshaamua watu 15 wataswali Idi na nguo za zamani, tatizo ni kwamba hajawajua ni akina nani. Nikiri kwamba kama mteja nilisikia raha kuliona jambo hili likiwekwa kwenye hesabu.

Binti mmoja akauliza: "Mwalimu, wa 21 akija na analia?"

"Mfungulie daftari asome mwenyewe majina na tarehe. Mwandike baada ya Idi, mchukulie kianzio akikubali. Akikataa, mwelekeze kwa mwenzako uliyemaliza naye hapa, na mwenzako akijaza daftari lake naye atakuletea."

Binti akauliza tena, je, akiwa ni shangazi yake?

"Shangazi," alijibu mwalimu, "mshonee Shaabani, kabla Ramadhani haijaingia."