Usiku Upi? Hesabu ya Wakati katika Tangazo la Kukatika kwa Maji

Matangazo ya serikali na ya mashirika ya umma hayajapewa nafasi kubwa na wachunguzi wa Kiswahili. Lakini tangazo la kukatika kwa maji lina jambo moja lifaalo kuchunguzwa kwa makini, nalo ni namna litajavyo wakati. Msomaji wake hasomi kwa ajili ya kujifunza. Asoma ili ajue ni lini ajaze ndoo na mapipa. Akielewa vingine, adhabu yake ni bomba kavu.

Mfano ufuatao umetungwa kwa kufuata sura ya kawaida ya matangazo ya Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya maji ya mji huo hutoka katika mto Ruvu kwa mitambo miwili, Ruvu Juu na Ruvu Chini:

“Wateja wote wanatangaziwa kwamba mtambo wa Ruvu Chini utazimwa kwa matengenezo kuanzia saa 8:00 usiku, Ijumaa tarehe 14, kwa muda wa saa 12. Maeneo yatakayokosa maji ni Bunju, Tegeta, Kawe, Mikocheni na maeneo jirani. Huduma itarejea saa 8:00 mchana. Kwa maelezo zaidi, wapigie simu watumishi wa kituo cha huduma kwa wateja, au fika ofisi ya maji ya eneo lako.”

Sarufi yake haina kosa. Hata hivyo, ni usiku upi huo? Katika Kiswahili kuna hesabu tatu za siku zinazoishi pamoja. Ya kwanza ni ya ofisini, ambayo tarehe hubadilika saa 6 usiku. Ya pili ni hesabu ya kale ya pwani, iliyo pia hesabu ya Kiislamu: siku huanza jua linapokuchwa, na usiku hutangulia mchana wake. Ndiyo maana sala ya tarawehe huanza kusaliwa usiku ulio kabla ya siku ya kwanza ya kufunga, na ndiyo maana kwa wazee wengi wa pwani “usiku wa Ijumaa” ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Saa zenyewe zashuhudia mpango huu, kwa kuwa saa 1 ya usiku ni ile ya kwanza baada ya jua kuchwa. Ya tatu ni hesabu isiyoandikwa popote, ya mtu aonaye kuwa siku ni tangu aamkapo hadi aamkapo tena. Kwake yeye, usiku wa Ijumaa ni ule atakaolala baada ya kazi za Ijumaa, hata kama saa 6 imekwisha kupita.

Tangazo la mfano likipimwa kwa hesabu hizi, huonekana jambo la ajabu kidogo. Saa 8 usiku ya Ijumaa, kwa hesabu ya ofisi, ni baada ya usiku wa manane, Alhamisi ikiwa imekwisha. Mzee wa pwani hukubaliana na ofisi bila ya kujua, kwa sababu kwake usiku huo umekuwa wa Ijumaa tangu magharibi. Anayepotea ni yule wa hesabu ya tatu: hungoja kujaza vyombo jioni ya Ijumaa, naye huamka asubuhi ya siku hiyo akakuta bomba halitoi hata tone. Lakini mwandishi wa tangazo angeandika “saa 4 usiku, Ijumaa”, mambo yangegeuka. Ofisi na mtu wa hesabu ya tatu wangepatana, na mzee ndiye angejaza ndoo zake siku moja mapema. Kwa hiyo saa zilizo kabla ya saa 6 usiku huwapoteza watu wa namna moja, na zile zilizo baada yake huwapoteza wa namna nyingine. Hakuna saa ya usiku iliyo salama kwa wote ikiwa imetajwa kwa jina la siku peke yake.

Dawa yake imo katika lugha yenyewe, nayo ni ya zamani: “usiku wa kuamkia Ijumaa”. Usemi huu hautegemei siku yaanza wapi. Wataja asubuhi itakayofuata, na asubuhi haina ubishi. Katika habari za magazetini husomwa mara kwa mara, na hapana sababu ya tangazo la maji kuukosa. Tangazo lingeandika, “saa 8 usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 14”, na hesabu zote tatu zingekutana hapo.

Kosa jingine huzaliwa mezani pa mfasiri. Aghalabu mhandisi hupanga kazi yake kwa hesabu ya Kiingereza, ambayo saa zake hupishana na zetu kwa sita. Mfasiri akisahau kugeuza tarakimu, wakati mwingine kosa hujifichua lenyewe: “saa 8 asubuhi” hakuna, na msomaji hutambua mara moja kuwa ilikusudiwa saa 2. Lakini saa 2 usiku iliyonakiliwa vivyo hivyo hutoka “saa 8 usiku”, ambayo ni saa halali kabisa. Hapo msomaji hana dalili yoyote ya kumwonya, na maji hukatika saa sita kabla ya wakati aliotangaziwa. Mhariri mwangalifu ataitazama kwa shaka kila saa 8, 9 na 10 ya usiku, na kuilinganisha na karatasi ya mhandisi.

Maneno “kwa muda wa saa 12” yamo sawa, lakini usalama wake wote umo katika neno “muda”. Likiondolewa kwa ajili ya kufupisha, hubaki “maji yatakosekana saa 12”, na haijulikani kama ni urefu wa wakati au ni saa ya jioni. Watu wengi husema “masaa 12” wakitaka urefu. Walimu huwakosoa, kwa kuwa saa ni la ngeli ya N na wingi wake haubadiliki. Ukosoaji huo una haki kisarufi, ila haufai kusahau kwamba wasemaji hao wameziba pengo lililo wazi.

Mwisho wa tangazo ndio husababisha manung’uniko mengi zaidi. “Huduma itarejea saa 8:00 mchana” yaweza kuwa na maana tatu: kazi itakwisha, mtambo utawashwa, au maji yatafika nyumbani. Baina ya ya pili na ya tatu pana safari ndefu. Bomba kuu huwa limepungukiwa na maji, na hewa imeingia. Hulazimika kujazwa polepole ili hewa itoke na msukumo usilipasue. Matangi nayo lazima yajae kwanza. Bunju, iliyo karibu na mtambo, huweza kupata maji mapema kuliko Mikocheni, na nyumba za mwinukoni au za mwisho wa bomba hungoja zaidi, pengine hadi kesho yake. Anayengoja huko saa 8 mchana huona ameongopewa, ijapokuwa mtambo uliwashwa kwa dakika ileile. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kutenga mambo haya: “Mtambo utawashwa saa 8 mchana, maji yataanza kufika Bunju na Tegeta kwanza, na sehemu za mwinuko zitafikiwa mwisho.”

Kuhusu “maeneo jirani”, maneno hayo hufuata njia ya bomba kuliko mipaka ya mitaa. Nyumba mbili zilizotazamana zaweza kulishwa na mabomba mawili tofauti. Mwenye nyumba asiyejua bomba lake latoka wapi hana budi kupiga simu kituoni.