Mwizi Anayerudi Nyumba Ileile

Mtu akivunjiwa nyumba, majirani humpoza kwa kumwambia kwamba mwizi keshachukua chake, hatarudi tena. Katika mtaa wa Kirkholt, mjini Rochdale karibu na Manchester nchini Uingereza, maneno hayo hayakuwa na ukweli. Mwaka 1986, nyumba iliyokwisha kuvunjwa mara moja ilikuwa na uwezekano wa kuvunjwa tena zaidi ya mara nne kuliko nyumba ambayo haijawahi kuguswa.

Watafiti waliokwenda huko, akiwemo Ken Pease, waliwahoji waliovunjiwa, majirani zao, na wavunjaji wenyewe. Majibu yaliwiana na nadharia mbili zilizokuwa changa wakati ule.

Ya kwanza ni ile ya Derek Cornish na Ronald Clarke, inayomwona mhalifu kama mtu anayepima. Hupima atapata nini, atatumia juhudi gani, na nani anaweza kumwona. Mizani yake ni ya harakaharaka, si ya karani wa benki, lakini ipo. Ukiishika mizani hiyo, kurudi nyumba ileile kunaeleweka. Mara ya pili mwizi anajua dirisha gani lina komeo bovu, chumba gani kina vitu, na mlango gani wa kutokea. Anakumbuka alichoshindwa kubeba. Akisubiri kidogo, runinga iliyoibwa itakuwa imenunuliwa nyingine, tena mpya. Nyumba ya jirani, ambayo hajawahi kuingia, haimpi uhakika wowote kati ya huo.

Nadharia ya pili ilitoka Marekani mwaka 1979, kwa Lawrence Cohen na Marcus Felson. Wao walishangazwa na jambo moja: baada ya Vita vya Pili vya Dunia hali ya maisha ilipanda, na wizi nao ukapanda. Jibu lao halikuwa kwamba watu wameharibika. Walisema wizi unahitaji vitu vitatu vikutane mahali pamoja na kwa saa moja: mtu aliye tayari kuiba, kitu kinachofaa kuibwa, na kukosekana kwa mlinzi. Mlinzi hapa si askari. Ni bibi aliyeketi barazani, au fundi anayeshona mlango wa pili. Wanawake wengi zaidi walipoanza kwenda kazini, nyumba zilibaki tupu mchana. Vitu navyo vilikuwa vyepesi zaidi: runinga nyepesi kuliko zote madukani ilikuwa na kilo kama 17 mwaka 1960, lakini kufika 1970 ilikuwa kama kilo 7. Mtu mmoja aliweza kuibeba kwapani.

Huko Kirkholt, kitu kinachofaa kuibwa kilikuwa kimefungwa ukutani. Nyumba nyingi zililipia umeme kwa mita ya sarafu, na fedha zilikaa ndani ya kisanduku hadi mkusanyaji afike. Karibu nusu ya matukio yalihusu mita hizo. Mwizi hakuhitaji hata kumtafuta mnunuzi, maana alichochukua kilikuwa pesa taslimu.

Basi mita za sarafu zikaanza kuondolewa. (Mtanzania aliyezoea Luku ataelewa mara moja: namba za tokeni zikishaingizwa, hakuna cha kuiba ndani ya mita.) Waliovunjiwa walifungiwa makomeo mapya, hasa pale ambapo wezi walikuwa wakipitia. Na majirani wachache wa karibu, kama sita hivi, waliombwa kuiangalia nyumba hiyo. Hili la mwisho linanivutia zaidi, kwa sababu halikutaka mtaa mzima ulinde mtaa mzima. Kila kundi dogo lilijua nyumba moja ya kuitazama, na kwa nini. Ndani ya miezi mitano uvunjaji ulishuka hadi asilimia 40 ya kiwango cha awali, na baada ya miaka mitatu upungufu ulikuwa asilimia 75.

Hata hivyo, hatua zote zilichukuliwa karibu wakati mmoja, kwa hiyo ni vigumu kusema ipi ilifanya kazi kubwa zaidi. Isitoshe, kuna namna mbili za kueleza marudio. Pengine ni mwizi yuleyule aliyejifunza nyumba. Pengine nyumba yenyewe, kwa kukaa kwake pembeni au kwa mlango wake dhaifu, humvutia kila mwizi anayepita. Dalili ya kutofautisha ni muda na mtindo. Tukio la pili likija ndani ya wiki chache, kwa njia ileile ya kuingilia, maelezo ya kwanza yana nguvu. Yakitapakaa mwaka mzima kwa mitindo tofauti, kosa liko kwenye nyumba.

Na mizani ya mwizi nayo ina kasoro. Richard Wright na Scott Decker, waliozungumza na wavunjaji 105 wa mji wa St. Louis, Marekani, walikuta wengi wakiingia kazini kwa kubanwa na haja ya pesa ya papo hapo, mara nyingi ya dawa za kulevya au starehe. Mtu wa namna hiyo huchagua kati ya nyumba mbili anazozijua. Hatafuti iliyo bora mjini. Nadharia hizi zinaeleza vizuri kwa nini nyumba hii, saa hii. Kwa nini kijana huyu alifikia kuhitaji pesa hiyo usiku huu, hazisemi.