Tangazo la kulipia au posti ya bure: oda moja inakugharimu pesa ngapi?

Ukibusti posti Facebook au Instagram, app hukuonyesha namba inayoitwa `Cost per result`. Wengi wetu tukiona imeandikwa shilingi 25 tunafurahi, tunaongeza pesa. Lakini ngoja kwanza: hiyo "result" ni nini? Kama ulichagua lengo la kupata ujumbe, Facebook inahesabu mtu aliyekuandikia. Inahesabu hata yule aliyeuliza "bei?" akapotea. Wewe unakula pesa iliyolipwa, si maswali.

Kwa upande mwingine kuna posti ambazo hujalipia. Tunaziita za bure, lakini zinakula data na saa zako. Ili kulinganisha hizi mbili kwa haki, lazima zipimwe kwa kitu kimoja. Hapa tutatumia oda iliyolipwa, na jedwali moja la Google Sheets litakalojihesabu lenyewe kila mwezi.

Kila malipo yapewe msimbo

Kazi kubwa ni kujua oda imetoka wapi. Tumia misimbo miwili: TG kwa tangazo la kulipia, PK kwa posti ya kawaida. Ukiwa na paybill, mwambie mteja aandike msimbo huo kwenye nafasi ya namba ya akaunti, na utaukuta kwenye taarifa yako ya malipo. Till haina nafasi hiyo, kwa hivyo andika msimbo mwenyewe siku hiyo hiyo, kabla hujasahau. Kama hujui mteja alikuonea wapi, muulize. Akija kwa njia nyingine kabisa, mpe NG.

Sasa fungua jedwali lenye kurasa tatu. Ukurasa wa MAUZO una safu nne: tarehe, msimbo, kiasi, na kama mteja ni MPYA au ZAMANI. Ukurasa wa GHARAMA una tarehe, msimbo, kiasi na maelezo. Wa tatu ni RIPOTI, na huo ndio unaojijaza.

Kwenye RIPOTI, seli B1 inajitafutia siku ya kwanza ya mwezi uliopita:

```
=EOMONTH(TODAY(),-2)+1
```

Andika TG kwenye A4 na PK kwenye A5. Kwenye B4, hesabu oda:

```
=COUNTIFS(MAUZO!B:B,A4,
MAUZO!A:A,">="&$B$1,
MAUZO!A:A,"<"&EDATE($B$1,1))
```

Kwenye C4, jumlisha gharama:

```
=SUMIFS(GHARAMA!C:C,GHARAMA!B:B,A4,
GHARAMA!A:A,">="&$B$1,
GHARAMA!A:A,"<"&EDATE($B$1,1))
```

Kwenye D4 ndiko kuna jibu:

```
=IF(B4=0,"Hakuna oda",C4/B4)
```

Nakili seli hizo tatu hadi mstari wa 5. Mwezi ukigeuka, tarehe ya B1 inabadilika yenyewe na ripoti nzima inafuata.

Gharama ni zaidi ya pesa ya tangazo

Kwa TG, andika kiasi kilichotoka mfukoni, pamoja na kodi na makato ya kadi kama yapo. Tumia tarehe ambayo tangazo lilikuwa hewani, kwa sababu malipo yanaweza kukatwa siku kadhaa baadaye na kuingia mwezi mwingine. Kisha ongeza muda wako pande zote mbili. Chagua kiwango kimoja cha saa, mfano kile ungemlipa mtu wa kukusaidia, na usikibadilishe katikati.

Tuchukue mfano wa mama anayeoka keki Nakuru. Mwezi wa tatu ametumia shilingi 4,000 kubusti. Facebook imemletea mazungumzo 160, yaani shilingi 25 kwa kila moja. Kujibu mazungumzo hayo kumemchukua saa 8. Kwa kiwango cha 150 kwa saa, hiyo ni 1,200. Jumla ni 5,200. Oda zilizolipwa ni 13, kwa hivyo oda moja imemgharimu 400.

Posti za kawaida zimemla saa 6 za kupiga picha na video, saa 2 za kujibu, na data ya 300. Jumla ni 1,500. Oda ni 10, kila moja 150.

Keki moja humwachia 600 baada ya kutoa unga, mayai, gesi na boksi. Kwa hivyo oda ya tangazo inambakishia 200, na ya posti ya kawaida 450. Ukiishia hapo utasema: acha kubusti!

Tenganisha wateja wapya na wa zamani

Hapa ndipo safu ya nne ya MAUZO inafanya kazi. Kwenye E4 rudia fomula ya B4, lakini ongeza `,MAUZO!D:D,"MPYA"` kabla ya mabano ya mwisho. Kwenye F4 gawanya C4 kwa E4.

Kwa huyu mama, oda zote 13 za tangazo zimetoka kwa wateja wapya. Kati ya zile 10 za posti za kawaida, 7 ni wateja wake wa siku zote na 3 tu ndio wapya. Kwa hivyo mteja mpya kupitia posti ya kawaida amemgharimu 1,500 gawa kwa 3, yaani 500. Kupitia tangazo ni 400. Matokeo yamegeuka.

Maana yake ni kwamba kila njia ina kazi yake. Posti za kawaida zinamrudishia wateja anaowajua, na tangazo linamletea wageni. Akifunga tangazo, miezi ya mbele hatakuwa na wateja wapya wa kuwageuza wa zamani. Mpaka wake ni ile 600: gharama ya oda ya tangazo ikifika hapo, anaoka bila faida. Na kwa oda chache hivi, asikimbilie uamuzi kwa mwezi mmoja. Oda mbili tu zikipungua TG, gharama inapanda kutoka 400 hadi karibu 473. Angalia miezi mitatu.

Jedwali likidanganya, utajuaje?

Ukiona sifuri mahali unajua kulikuwa na oda, angalia tarehe. Tarehe iliyonakiliwa kutoka kwenye taarifa ya malipo inaweza kuingia kama maandishi, na kwa kawaida utaiona imelala upande wa kushoto wa seli. Iandike upya hivi: `2025-03-14`.

Mteja akiandika "TG" na nafasi katikati ya herufi, fomula haitamhesabu. Kwa hivyo linganisha jumla ya TG, PK na NG na idadi ya malipo yote ya mwezi. Zikitofautiana, kuna msimbo umekosewa.

Mwisho, mteja anayelipa deposit halafu salio huonekana kama oda mbili. Mpe TG au PK kwenye malipo ya kwanza tu. Ya pili andika SL, na uihesabu kwenye jumla ya ukaguzi.