Ishirini na Nne Si Sifuri

Katika mialo ya Igombe na Kayenze, wilayani Ilemela, dagaa wanaoanikwa juu ya kichanja hawashiki mchanga. Tuseme mwanikaji anataka kichanja chenye eneo la mita 24 za mraba, na urefu uzidi upana kwa mita 5. Upana tukiuita x, tunapata:

x(x + 5) = 24

Hapa ndipo mwanafunzi huandika upesi: x = 24, au x + 5 = 24, yaani x = 19. Tupime. Kichanja cha upana wa mita 24 kitakuwa na urefu wa mita 29, na eneo lake ni 696. Cha upana wa mita 19 kitatoa 456. Majibu yote mawili yako mbali mno na 24.

Njia hiyo hutumika kihalali pale tu zao linapokuwa sifuri. Namba mbili zikizidishwa zikatoa sifuri, lazima mojawapo iwe sifuri. Kwa nini? Kama ya kwanza si sifuri, tunaweza kugawanya pande zote mbili kwa namba hiyo. Sifuri ikigawanywa hubaki sifuri, basi ya pili ndiyo sifuri.

Sasa jaribu hoja hiyohiyo kwa 24. Ukigawanya kwa 2, inabaki 12. Kwa 3, inabaki 8. Kwa nusu, unapata 48. Kila kigawo cha kwanza kina mwenzake, na jozi hizo hazina mwisho. Kujua kwamba zao ni 24 hakulazimishi kigawo chochote kiwe 24.

Kwa hiyo tuilete sifuri wenyewe: fungua mabano, hamisha 24, kisha tafuta vigawo upya.

x² + 5x − 24 = 0
(x + 8)(x − 3) = 0

Hivyo x = −8 au x = 3. Upana hauwezi kuwa hasi, basi kichanja ni mita 3 kwa 8.

Kosa hili lina hatari kubwa zaidi pale linapotoa jibu sahihi. Tazama:

(x + 4)(2 − x) = 5

Ukiandika x + 4 = 5, unapata x = 1. Ukiandika 2 − x = 5, unapata x = −3. Yote mawili ni kweli! Lakini angalia kigawo kilichoachwa: x ikiwa 1, 2 − x ni 1, x ikiwa −3, x + 4 ni 1. Njia imeokolewa na 1 iliyojitokeza kwa bahati, kwa sababu jumla ya vigawo hivyo daima ni 6, sawa na 5 + 1. Weka 8 badala ya 5: njia hiyo itatoa 4 na −6, na yote yatakuwa makosa. Majibu ya kweli ni 0 na −2.

Mwalimu anayesahihisha swali la namna hii asiishie kwenye mstari wa mwisho. Asome hatua, na akitunga mtihani aepuke namba zinazoficha kosa.