Wameuliza unataka mshahara gani? Usijibu kabla ya kupiga hesabu

Tangazo la kazi linasema: “Tuma CV kwa baruapepe na utaje mshahara unaotarajia.” Hapo ndipo vijana wengi hukwama. Ukitaja kidogo utajuta kila mwisho wa mwezi. Ukitaja kikubwa, huenda usipigiwe simu kamwe.

Kosa linalouma zaidi ni kutaja pesa unazotaka kupata mkononi, ilhali mwajiri anasoma kiasi hicho kama mshahara kabla ya makato.

Tuseme unaomba kazi ya uhasibu Nairobi. Ukijumlisha kodi ya nyumba, nauli, chakula na kitu kidogo cha kutuma nyumbani, unaona huwezi kuishi chini ya Sh45,000. Basi unaandika Sh45,000 na kazi unapata. Mwisho wa mwezi, payslip inasema vingine. Kwa viwango vya 2025, NSSF inachukua Sh2,700, bima ya afya ya SHA karibu Sh1,240, ushuru wa nyumba Sh675, na PAYE karibu Sh4,500. Unabaki na kama Sh35,900. Sh9,100 zimeenda, na si mwajiri aliyekudanganya.

Ili ushike hizo Sh45,000, ulifaa kuomba kama Sh60,000 kabla ya makato. Kwenye mshahara huo, baada ya makato yote unabaki na takriban Sh45,300. Kuna vikokotoo vya PAYE mtandaoni vya kukupigia hesabu hii kwa dakika moja.

Sasa pima soko. Uliza watu wawili watatu walio kwenye kazi kama hiyo, wenye miaka kama yako ya tajriba. Usiwaulize, “Unalipwa ngapi?” Wengi watakwepa. Uliza, “Mtu anayeanza kazi hii hulipwa kati ya ngapi na ngapi?” Wakikwambia Sh55,000 hadi Sh75,000, Sh60,000 yako iko ndani. Wakisema hakuna anayepita Sh50,000, ujue mapema kwamba kazi hiyo haitalipa bili zako, kisha uamue kama bado unaitaka.

Kwenye baruapepe, andika hivi: “Natarajia mshahara wa kati ya Sh60,000 na Sh70,000 kwa mwezi kabla ya makato. Niko tayari kujadiliana kwa kuzingatia bima na marupurupu mengine.”

Chunga kiasi cha chini, maana mwajiri ana kila sababu ya kuanzia hapo. Usiandike Sh50,000 kwa sababu ya uoga ukitumaini atapanda hadi Sh70,000. Pia usitanue sana: “Sh40,000 hadi Sh90,000” inamwambia kwamba hujui bei ya kazi yako.

Na kama tangazo limeshataja kiwango cha mshahara, kaa ndani yake. Ukiwa na tajriba wanayoitaka, omba upande wa juu na useme kwa nini kwa sentensi moja.