Samaki wa Mkebe na Zebaki

Wakulima wengi wa Borabu huuliza kama jodari wa mkebe anunuliwaye dukani Keroka ni lazima apikwe. Si lazima. Kiwandani hupikwa kwa mvuke, hutolewa mifupa, hutiwa mkebeni na mafuta au maji ya chumvi, na mkebe ukisha kufungwa hupikwa tena kwa joto lipitalo la maji yachemkayo. Mkebe uliovimba utupwe, usionjwe.

Lakini moto hauondoi zebaki, maana imeshikamana na nyama yenyewe. Tazameni Ziwa Viktoria. Vijidudu vya majini huigeuza zebaki kuwa sumu iingiayo mwilini. Omena hula vidudu vidogo na maisha yake ni mafupi, basi hukusanya kidogo tu. Mbuta humeza omena na samaki wengine miaka mingi, na zebaki yao hubaki mwilini mwake, kwa kuwa hutoka polepole mno. Hivyo mbuta mkubwa huwa nayo zaidi kuliko mdogo. Baharini ni vivyo hivyo kwa papa na jodari wakubwa. Jodari wa aina ndogo, atiwaye mikebeni mara nyingi, anayo kidogo. Mama mjamzito na amchague huyo, au omena.