Goma: Kwa nini namba ya furu inasema 220 wakati mkate unaungua

Furu ndogo ya umeme ya kupikia mkate, au ya kuchomea vyungu, inaweza kuongozwa na kisanduku ambacho fundi wa mtaani anajitengenezea mwenyewe. Ndani yake mnakuwa kadi ya Arduino, rele ya kuwasha na kuzima moto, na chipu ndogo inayoitwa MAX6675. Chipu hiyo ndiyo inayosoma termokupli, yaani zile nyaya mbili ambazo ncha yake inaingia ndani ya furu kupima joto. Vifaa vyenyewe si vigumu kuunganisha. Lakini kuna kosa moja ambalo halionekani kwa macho na ambalo linaharibu mkate kila siku: waya wa kawaida wa shaba kati ya furu na kisanduku.

Ili kuelewa kosa hilo, ni lazima kwanza kujua termokupli inafanya nini. Nyaya zake mbili ni za madini tofauti, na zimeunganishwa kwenye ncha. Ncha ikipata joto, umeme mdogo sana unatokea. Kwa termokupli ya aina ya K, ambayo ndiyo inayotumiwa na MAX6675, ni karibu mikrovolti 41 kwa kila digrii moja. Arduino peke yake haiwezi kusoma vizuri umeme mdogo hivyo, kwa hiyo chipu inaukuza na kuugeuza kuwa namba.

Lakini umeme huo hausemi joto la furu. Unasema tofauti tu kati ya joto la ncha iliyo ndani ya furu na joto la mahali ambapo nyaya za termokupli zinaishia. Ndiyo sababu chipu ina kipimo kingine ndani yake: inapima joto lake yenyewe, kisha inaliongeza juu ya ile tofauti. Hesabu hiyo inakuwa sawa kwa sharti moja, kwamba nyaya za termokupli zifike hadi kwenye chipu yenyewe.

Tuchukue mfano wa furu ya mkate. Termokupli ni fupi, inaishia kwenye ukuta wa nje wa furu. Kutoka hapo fundi ameunganisha mita mbili za waya wa shaba hadi kwenye kisanduku kilicho ukutani. Furu ikisha kupata moto vizuri, ukuta wake wa nje unafika digrii 55, na ndani ya kisanduku ni digrii 25. Tuseme ndani ya furu kuna digrii 250. Termokupli inatoa umeme wa tofauti ya 250 na 55, yaani digrii 195. Waya wa shaba hauongezi kitu. Chipu inapokea 195, inaongeza joto lake la 25, na kioo kinaonyesha 220. Mwenye furu aliomba 220, anaona 220, lakini mkate uko ndani ya 250.

Kuna alama moja ya kutambua ugonjwa huo. Asubuhi, ukuta wa furu ukiwa bado baridi, maungio na kisanduku vina joto moja, kwa hiyo namba ni sawa na mkate wa kwanza unatoka vizuri. Kadiri ukuta unavyopata joto ndivyo kosa linavyokua, na mkate wa tatu au wa nne unaungua bila mtu kugusa kitu.

Mafundi wengi wanajaribu termokupli ndani ya maji yanayochemka. Ni jaribio zuri, lakini hapa Goma, kwenye urefu wa karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye karibu digrii 95, si 100. Tena jaribio hilo halitaonyesha kosa la waya wa shaba, kwa sababu maungio yanakuwa baridi wakati huo. Jaribio bora ni hili: furu ikiwa imezimwa na baridi, shika kwa vidole maungio yote mawili ya waya nje ya furu, uyape joto ya mkono kwa dakika moja. Namba ikishuka digrii chache, waya unaoanzia hapo ni shaba. Isiposhuka, waya ni wa kweli.

Dawa yake ni waya wa kurefusha wa aina ya K, ufike hadi kwenye skurubu za chipu. Kisanduku nacho kikae mbali na moto, kwa sababu chipu inaweza kupima joto lake hadi digrii 85 tu. Angalia pia rangi: kwa alama za Ulaya kijani ni chanya na nyeupe ni hasi, lakini kwa alama za Marekani njano ni chanya na nyekundu ndiyo hasi. Mtu aliyezoea kwamba nyekundu ni chanya atageuza, na namba itashuka wakati furu inapanda. Ukikosa uhakika, chukua sumaku ya spika ya redio: waya unaovutwa na sumaku ndio hasi.

Sehemu ya pili ni kusoma namba yenyewe. Chipu inatuma biti 16, na mistari hii inatosha:

```
digitalWrite(CS, LOW);
uint16_t v = SPI.transfer16(0);
digitalWrite(CS, HIGH);
if (v & 0x04) zimaMoto();
else joto = (v >> 3) * 0.25;
```

Kama namba iliyofika ni 7040, ukiondoa biti tatu za mwisho inabaki 880, na 880 mara 0.25 ni digrii 220. Chipu inahitaji karibu robo ya sekunde kutengeneza kila kipimo, na kila mara unapoisoma unakatiza kipimo kinachoendelea. Ukiisoma kwa haraka kuliko hapo, haimalizi kazi hata mara moja, na namba inabaki palepale wakati furu inaendelea kupanda. Soma mara moja kwa sekunde, inatosha.

Mstari wa `0x04` ndio unaolinda nyumba. Biti hiyo inawaka termokupli ikikatika. Lakini waya kati ya chipu na Arduino ukitoka, namba inaweza kusomwa kuwa 0, na kisanduku kitafikiri furu ni baridi na kuendelea kuwasha moto bila mwisho. Kwa hiyo programu izime moto pia ikiona chini ya digrii 5, kwa kuwa joto kama hilo halipatikani ndani ya chumba cha kupikia mkate hapa. Izime vilevile kama moto umewaka dakika kumi mfululizo, furu haijafika joto lililoombwa, na namba haijapanda: huenda ncha imeanguka nje ya furu. Na kwa kuwa rele yenyewe inaweza kunata ikiwa imewasha, weka termostati nyingine ya kukata umeme, isiyopitia kwenye Arduino.

Kwa wenye kuchoma vyungu, MAX6675 inaishia karibu digrii 1,024. Anayetaka kuyeyusha rangi ya kioo juu ya hapo atafute MAX31855, ambayo kwa aina ya K inafika karibu 1,350 na haitaki zaidi ya volti 3.6. Hiyo pia inadai waya wa kweli hadi mwisho.